Uzoefu wangu na folda ya kupokea tu ya Nextcloud: kazi 46 za Kompyuta, Kidato cha Tatu

Nafundisha somo la Kompyuta katika shule ya kutwa hapa Kisumu, na kazi ninayozungumzia ni ya hifadhidata ya Access, mkondo mmoja wa wanafunzi 46. Wengi wao hawana kompyuta nyumbani. Wanamalizia kazi saiba za Kondele au Manyatta, wanabeba flashi, na wachache wana barua pepe wanayokumbuka nywila yake. Kwa hiyo sharti langu la kwanza lilikuwa moja: mwanafunzi aweze kuwasilisha bila kufungua akaunti yoyote. Sharti la pili, asione kazi ya mwenzake. Folda ya kawaida iliyoshirikiwa inashindwa hapo pa pili, kwa sababu anayeweza kupakia anaweza pia kufungua, kunakili na hata kufuta.

Kwenye Nextcloud, mfumo wa kuhifadhi na kushiriki faili kupitia kivinjari, unaunda folda, unabofya alama ya kushiriki, unaongeza kiungo, kisha kwenye ruhusa unachagua `File drop`. Mwenye kiungo hicho anapata ukurasa wenye kitufe cha kupakia na basi. Haoni kilichomo, hawezi kupakua, hawezi kufuta, na hawezi kuandika juu ya faili iliyopo. Matoleo mapya yana pia `File request`, ambayo humwuliza anayepakia jina lake na kuziweka faili zake kwenye folda ndogo ya jina hilo. Inavutia, lakini kwa darasa siipendekezi: mwanafunzi yuleyule ataandika Otieno leo, OTIENO B kesho, na keshokutwa jina la ubatizo, nawe unabaki na folda tatu za mtu mmoja.

Jambo la kuelewa kabla ya yote ni kinachotokea majina yakigongana. Wawili wakipakia `assignment.accdb`, ya pili haikataliwi wala haifuti ya kwanza. Seva inaipa jina `assignment (2).accdb`. Hapo huwezi kujua kama ni wanafunzi wawili au ni mmoja aliyerudia. Ndiyo sababu kanuni ya majina ni ya lazima. Ukiwa na kanuni nzuri, tabia hiyohiyo inakuwa faida: `4127_3E_K2 (2).accdb` haiwezi kuwa kitu kingine ila 4127 ametuma tena, na hiyo yenye (2) ndiyo iliyofika baadaye. Usihamishe faili yoyote kabla makataa hayajapita, maana ukiiondoa ya kwanza, itakayofuata itapewa jina lisilo na nambari na mpangilio utakupotea.

Kanuni yangu ni nambari ya usajili yenye tarakimu nne, kisha mkondo, kisha nambari ya kazi: `4127_3E_K2`. Mwenye 873 anaandika `0873`, ili orodha ijipange sawasawa. Jina la mtu silitaki kabisa, kwanza kwa sababu ya tahajia, pili kwa sababu faili hizi zinapita kwenye kompyuta za saiba. Shule nyingi huandika nambari ya usajili pamoja na mwaka, mfano 4127/2022. Mkwaju huo hauingii kwenye jina la faili la Windows, na mwanafunzi anayekataliwa atabuni lake: mmoja ataweka kistari, mwingine nafasi, mwingine ataacha mwaka. Sema wazi kwamba mwaka hauandikwi.

Tatizo lingine la majina ni mwisho wa faili. Windows huficha `.accdb`, kwa hiyo mwanafunzi mtiifu anayeiandika mwenyewe hupata `4127_3E_K2.accdb.accdb`. Faili hiyo inafunguka vizuri, usimwadhibu. Anayebadilisha jina kwenye simu hukosea kinyume chake: anafuta mwisho wote, na faili inafika bila kujulikana ni ya programu gani. Ukiurudisha mwisho huo kwa mkono, kawaida hufunguka.

Sasa makataa, ambapo walimu wengi wataumia. Kiungo cha Nextcloud kina `Set expiration date`, lakini ni tarehe tu, hakina saa. Ukiweka tarehe 14, kiungo kinakufa siku hiyo inapoanza, si inapoisha. Anayetaka kazi zipokelewe hadi mwisho wa tarehe 14 aweke 15. Zaidi ya hayo, seva inayofuata saa ya UTC iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo usiku wa manane wake ni saa tisa usiku wetu. Jaribu na folda tupu kabla hujawatangazia wanafunzi.

Kwa kuwa saa haipo, mimi natenganisha makataa na kufungwa kwa kiungo. Makataa ni Jumapili saa mbili usiku, na ninaongeza `20:00` kando, kwa sababu saa ya kompyuta inaonyesha hivyo na kuna atakayechanganya na saa mbili asubuhi. Kiungo chenyewe kinakufa Jumatano. Siku hizo mbili katikati ni za stima: ikipotea Jumapili jioni mtaa mzima, saiba zinafungwa, na sioni haki kumpa sufuri mtoto aliyekuwa kwenye foleni. Zinazofika baada ya makataa nazipokea na kuzitenga.

Utajuaje ipi ilichelewa? Hapa kuna mtego. Safu ya `Modified` kwenye orodha ya faili haikuonyeshi wakati wa kufika. Kivinjari hutuma pamoja na faili tarehe ambayo faili ilihifadhiwa mara ya mwisho kwenye kompyuta ya mwanafunzi, na seva huiheshimu. Kazi iliyohifadhiwa Ijumaa na kupakiwa Jumanne itasoma Ijumaa. Na kompyuta ya saiba ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudisha saa yake nyuma miaka mingi, kwa hiyo kazi ya wiki hii inaweza kuonekana imeandikwa kabla mwenyewe hajaanza shule ya msingi. Wakati halisi wa kufika uko kwenye `Activity`, ambako seva huandika kwa saa yake yenyewe. Mwanafunzi akibisha, fungua hapo.

Naye mwanafunzi hapati risiti. Akishafunga ukurasa, hana njia ya kuangalia kama kazi yake ipo. Kwangu anaandika nyuma ya daftari jina la faili alilopakia, saa, na ukubwa wake. Ukubwa ndio muhimu zaidi, na sababu iko kwenye hesabu ifuatayo.

Kwa Kazi ya 2 folda ilikuwa na faili 51 kwa wanafunzi 46. Mtu angeona 51 na kuridhika. Nilipakua folda nzima, nikaifungua kwenye kompyuta, na ndani yake nikaendesha amri hii kwenye Command Prompt:

```
dir /b > ..\orodha.txt
```

Alama ya `..` inaiweka orodha nje ya folda ili isijihesabu yenyewe. Orodha nikaibandika kwenye safu A ya karatasi ya Excel niliyoiita Kazi. Kwenye karatasi ya darasa, ambako nambari za usajili ziko safu B, niliandika:

```
=COUNTIF(Kazi!A:A,TEXT(B2,"0000")&"_3E_K2*.accdb")
```

Jibu likiwa 1, amewasilisha mara moja, 2, ametuma tena, 0, mtafute. Usiikate fomula kabla ya `.accdb`. Ukiishia kwenye nyota, itahesabu pia takataka zilizobeba jina sahihi, na hapo ndipo wanafunzi watatu wangepotea bila kujulikana.

Faili 39 zilikuwa safi, na 5 zilikuwa marudio ya baadhi ya hao 39, zenye (2). Nne zilikuwa na majina ya kujibunia. Niliwatambua wenyewe kwa sababu kazi iliwataka waingize nambari yao kwenye rekodi ya kwanza ya jedwali. Hilo lilikuwa la makusudi, na nashauri kila kazi ibebe kitambulisho ndani yake pia. Zilibaki tatu. Moja iliishia `.laccdb`: hiyo ni faili ya kufuli ambayo Access huiweka kando ya hifadhidata ikiwa bado imefunguliwa. Haifiki hata kilobaiti moja na haina kazi yoyote ndani. Mwanafunzi alipakia bila kufunga Access, akachagua faili ya chini yake. Wanaotumia Word hupakia ndugu yake, faili inayoanza na `~$`.

Mbili za mwisho ziliishia `.lnk`. Hizo ni njia za mkato. Wakati mwingine mwanafunzi aliburuta alama ya dawati badala ya faili yenyewe. Mara nyingi zaidi ni kirusi cha flashi, kile kinachoficha faili halisi na kuweka njia ya mkato yenye jina lilelile. Windows haionyeshi `.lnk`, kwa hiyo mtoto anaona jina lake sahihi kabisa na anaapa kwamba alituma. Orodha ya `dir` ndiyo inayoifichua. Usiibofye. Folda ya kupokea tu hupokea chochote, na kubofya kunaweza kukiamsha kirusi kwenye kompyuta ya maabara. Kazi yenyewe kwa kawaida bado iko kwenye flashi, imefichwa. Ukiwa na flashi hiyo kwenye herufi E, amri hii huifunua:

```
attrib -h -s -r E:\*.* /s /d
```

Kwa hiyo daftari likisema kilobaiti 2, mwanafunzi anajua hapohapo saiba kwamba hakutuma hifadhidata, maana hata ile tupu huanzia kilobaiti mia kadhaa.

Malalamiko yangu makubwa ni kiungo chenyewe. Mwisho wake una herufi na tarakimu 15 zilizochanganywa, kubwa na ndogo, na mwanafunzi anayenakili ubaoni hawezi kutofautisha `s` na `S`, wala `c` na `C`. Kwa wenye simu za wazazi nakituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kwa waliobaki nakichapisha kama msimbo wa QR kwenye karatasi ya kazi, na nakiweka pia kwenye faili ya maandishi ambayo kila mmoja ananakili kwenye flashi kabla hajatoka maabara. Nakiwekea nenosiri fupi la herufi ndogo, kwa sababu kiungo cha WhatsApp husafiri mbali, na baada ya kila kazi nakifuta kabisa na kuunda kipya. Ukikitumia kilekile muhula mzima, kazi ya tatu itaanza kupokea `K2` za waliochelewa.