Chai ya kijani: ununue majani, mifuko au kapsuli?

Wiki iliyopita shoga yangu alinitumia picha ya kopo la kapsuli za chai ya kijani, zile zinazouzwa kwa jina la "kupunguza tumbo", akiuliza kama bei ni halali. Nikamwambia bei aiache kwanza, akuze picha upande wa nyuma asome maandishi madogo.

Ninavyozipanga mimi, majani makavu ya kupima kwa kijiko yanashika namba moja. Mifuko inafuata. Ya tatu ni matcha, yaani majani yaliyosagwa kuwa unga laini, ambayo ni nzuri ila ghali, na kwa kuwa unalimeza jani zima kijiko kimoja kidogo kwa siku kinatosha. Kapsuli nimeziweka mkiani, na si kwa sababu ya bei.

Ndani ya jani la chai kuna kiasili kinachoandikwa EGCG. Kikombe kimoja cha gramu 2 za majani hutoa takriban miligramu 50 hadi 100 za kitu hicho, tena unakinywa taratibu, kimechanganyika na maji. Kwenye kapsuli chai imekamuliwa na kukolezwa, kisha inafika tumboni kwa mkupuo. Kopo la shoga yangu lilisema kila kapsuli ina miligramu 500 za chai iliyokolezwa, nusu yake EGCG, umeze 2 asubuhi na 2 jioni. Piga hesabu: 250 mara 4 ni miligramu 1,000 kwa siku. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia suala hili mwaka 2018 ikaona kuwa kuanzia miligramu 800 kwa siku za vidonge, vipimo vya ini huanza kupanda kwa baadhi ya watu, ishara kwamba ini linaumia. Chai ya kikombe iliyoandaliwa kawaida iliiona kuwa salama kwa ujumla.

Huko Minnesota, Marekani, wanawake zaidi ya 1,000 waliokoma hedhi walifuatiliwa kwa mwaka mmoja, nusu yao wakimeza kapsuli zenye miligramu 843 za EGCG kwa siku. Kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT kilipanda sana kwa watu kama 5 katika kila 100 waliomeza, na chini ya mmoja katika 100 kwa wenzao waliopewa vidonge bandia. Na usidhani chini ya 800 umesalimika: wapo watu ambao kwa urithi tu ini lao halivumilii, na hawajijui mpaka waugue. Dalili ni uchovu usioeleweka, kichefuchefu, mwili kuwasha, mkojo mweusi kama chai ya rangi, kisha macho kuwa ya njano. Ukiona hivyo acha kapsuli siku hiyo hiyo, nenda ukapime ini, na kopo ulibebe umwonyeshe daktari.

Madhara huongezeka ukimeza tumbo likiwa tupu, maana EGCG nyingi zaidi huingia kwenye damu. Ndiyo maana Ulaya sasa kopo lazima liandikwe kuwa usimeze kabla ya kula. Haya, meza na chakula basi. Hapo ndipo unapokutana na shida ya pili: viasili hivyohivyo hunata kwenye madini ya chuma ya maharage, mchicha na dengu, yakapita tumboni bila kufyonzwa. Chuma cha nyama na samaki hakiguswi sana, lakini ni wangapi tunakula nyama kila siku? Kapsuli ikikwepa ini inakupunguzia damu, maana chuma ndicho kinachoijenga.

Chai ya kikombe nayo hunata kwenye chuma, ila yenyewe unaweza kuisogeza. Kula wali maharage saa saba, kikombe kisubiri saa nane. Hiyo saa moja inapunguza sana hasara. Mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu aviweke mbali na chai kwa saa mbili hivi, avimeze kwa maji au juisi ya chungwa, na kapsuli za chai asiziguse kabisa.

Dukani, fungua pakiti uangalie majani ukiruhusiwa. Mazuri yana rangi ya kijani na harufu ya nyasi mbichi. Yakiwa ya kahawia yamekaa sana. Kericho nako wanatengeneza ya kijani, si lazima iwe ya Uchina. Maji yakichemka yaache wazi dakika tano, mimina juu ya kijiko kimoja cha majani, chuja baada ya dakika mbili au tatu. Ukiona inakereketa ulimi kwa uchungu, umeyaunguza majani kwa maji ya moto mno, au umeyasahau ndani.

Shoga yangu alinunua robo kilo ya majani. Analalamika haina sukari.