Tangi la chini ya ardhi Malindi: uzoefu wangu baada ya masika mawili

Tangi langu ni la lita 12,000: urefu mita 3, upana 2, kina 2. Fundi niliyempa kazi namsifu kwa swali aliloniuliza kabla ya jembe kugusa ardhi: "Mama, mvua ikikolea, maji ya kisima chako hupanda mpaka wapi?" Nikamwambia hukaribia mdomo wa kisima. Fundi wa kwanza hakuuliza. Alitaka kujenga kwa bloku, apige lipu, basi.

Huyu wa pili alikaa barazani akapiga hesabu. Ukuta wa zege sentimita 20, sakafu 20, kifuniko 15. Zege yote ni kama mita 7 za ujazo, uzito wake tani 17. Lakini maji ya ardhini yakifika juu, hulisukuma tangi kwa tani 19, yaani uzito wa maji yanayoweza kujaa mahali lilipokaa. Likiwa limejaa halina neno. Likiwa tupu, linainuka na kukata mabomba.

Nikamwambia basi anenepeshe ukuta. Akakataa: ukuta mnene unaongeza uzito, ila na tangi linakuwa kubwa, maji nayo yanapata pa kusukuma zaidi. Badala yake aliitoa sakafu nje ya ukuta kwa sentimita 30 kila upande, nondo zikapita humo, kisha udongo ukarudishwa na kushindiliwa juu ya ukingo huo. Hata nikiuhesabu udongo kama umezama majini, unaongeza zaidi ya tani 7 za kulikandamiza. Tangu tulipoanza kumwaga zege hadi kifuniko kikauke na udongo urudishwe, pampu haikuzimwa shimoni.

Kwenye lipu, mchanga ulitoka mto Sabaki, si ufukweni, kwa kuwa chumvi hula nondo. Mfuko mmoja wa simiti wa kilo 50 ulichanganywa na kilo moja ya unga wa kuzuia maji, na mchanga mara tatu ya simiti. Lipu ilipigwa mara mbili, ya kwanza ikakwaruzwa kabla ya ya pili, kisha niru. Kona za chini zilijazwa kwa mviringo, maana nyufa huanzia hapo. Tulilijaza kabla ya kufukia, tukalipa siku tatu linywe maji, ndipo tukaweka alama ukutani na kungoja wiki nzima.

Alama ilishuka. Bomba la kutolea maji lilipitishwa kwenye tundu lililotobolewa baada ya zege kukauka, na hapo palivuja. Palichimbwa na kuzibwa upya, lakini bomba lilifaa kuwekwa kabla ya kumwaga zege.

Lipu ya ndani nayo husukumwa na maji ya nje tangi likiwa tupu. Kwa hiyo nalisafisha Februari tu, kisima kikiwa chini, na nikiwa ndani nagonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama debe, lipu imeachana na zege. Mpaka sasa nimepata sehemu moja, upana wa sahani.