Rimoti ya taima kwa taimlapsi ya maji kujaa: uzoefu wangu

Rimoti hii ya waya, isiyo na jina kubwa, naitumia na Canon EOS 700D na lenzi yake ya 18-55. Kazi niliyoipimia ni moja: kupiga picha za maji yakijaa siku za bamvua pwani ya Zanzibar. Siku hizo maji huwa yamekupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, kwa hiyo saa zote sita ni za mchana na mwanga haubadiliki sana. Rimoti inastahili bei yake, ila haisaidii kitu ukiiachia kamera iamue mambo yenyewe.

Kwenye INTVL, yaani muda kati ya picha na picha, naweka sekunde 20. Saa sita ni sekunde 21,600, ukigawa kwa 20 unapata picha 1,080, na kwa fremu 24 kila sekunde hiyo ni video ya sekunde 45. Udhaifu wake uko kwenye N, yaani idadi ya picha: namba zinaishia 399, kwa hiyo ukiiweka hapo kazi inakatika baada ya saa mbili na dakika 13, maji yakiwa bado mbali. Rudisha N hadi ionyeshe `--`, maana yake haina kikomo. LONG, yaani muda ambao rimoti inashikilia kitufe cha kupigia, iwe sekunde 1, na kamera iwe kwenye picha moja moja. Ukiisahau kwenye mfululizo, sekunde hiyo moja inatoa picha tano hivi na kadi inajaa mapema. Rimoti nyingine huanza kuhesabu INTVL baada ya LONG kuisha, ikawa 21 badala ya 20. Piga picha kumi za majaribio, kisha tazama saa iliyoandikwa kwenye kila moja.

Sasa kupepesa, yaani video kung'aa na kufifia kila mara, ndiko kunakoharibu kazi za wengi. Kamera ikiwa kwenye otomatiki, ngalawa yenye tanga jeupe ikipita tu inapunguza mwanga wa picha nzima, na picha inayofuata inarudi ilivyokuwa. Kwa hiyo weka M, ISO 100, rangi ya mwanga kwenye alama ya jua badala ya AWB, na lenzi kwenye MF, yaani fokasi ya mkono. Hiyo MF ina faida ya pili: kamera haikatai kupiga eti kwa sababu haijapata fokasi. Kitufe cha kutuliza mtikisiko kwenye lenzi nacho kizimwe.

Hata ukifanya yote hayo, video yaweza kupepesa kidogo, na hapa watu huilaumu rimoti bure. Kwenye f/8 au f/11, vile vipande vyembamba vya chuma ndani ya lenzi hufunga upya kwa kila picha, na havifungi sawasawa kila mara. Kwa jicho huoni kitu kwenye picha moja, lakini fremu 24 kwa sekunde zinakufichulia. Dawa niliyoridhika nayo ni kuiacha lenzi wazi kabisa, f/3.5 kwenye 18, ili vipande hivyo visisogee hata kidogo. Jua kali hapo linataka shata ya 1/2000, nami sitaki hiyo kwa sababu inayafanya maji yaruke-ruke. Filta nyeusi ya ND64 hupitisha sehemu moja tu ya 64 ya mwanga, ikaishusha shata hadi 1/30. Mchanga mweupe ukiungua kwenye picha, panda hadi 1/40. Fanya majaribio hayo kabla ya kuanza, ukishaanza, usiguse.

Betri ya LP-E8 nimeiona ikikaribia kumaliza kazi hii pale tu ninapozima `Image review` na skrini isiwake. Kuibadilisha katikati kunaitikisa kamera, na mtikisiko huo unaonekana kwenye video. Naona afadhali betri bandia inayochomekwa kwenye pawabenki. Pawabenki ya mAh 10,000 ina kama Wh 37. Hata theluthi ikipotea njiani, zinabaki nguvu za betri tatu. Angalia tu isiwe ya kujizima, kwa sababu kamera hula umeme kidogo sana kati ya picha na picha, na baadhi ya pawabenki hudhani hakuna kilichochomekwa. Dalili yake ni picha kukoma ghafla mwanzoni mwa kazi ilhali chaji imejaa.

Kuhusu kadi, RAW moja ni kama MB 24, hivyo picha 1,080 ni kama GB 26. Kadi ya GB 32 inatosha ikiwa tupu, ndiyo maana naifomati kwenye kamera kabla ya kutoka. JPEG kubwa zote hazizidi GB 7 au 8.

Stendi isimame juu ya mstari wa mwani uliotupwa na maji ya alfajiri, na plagi ya rimoti ibandikwe kwa tepu. Ile pini ya mm 2.5 hulegea upepo ukiuchezea waya.