Fiziotherapia ya nyonga na ratiba ya kurudi kukimbia baada ya kujifungua: tathmini yangu

Huduma ninayoitathmini ni kifurushi cha vipindi na mtaalamu wa fiziotherapia ya afya ya wanawake, pamoja na ratiba ya kukimbia inayorekebishwa kila baada ya kipindi. Uchunguzi wa kwanza hufanyika karibu na wiki ya 6, na hakuna kukimbia kabla ya wiki ya 12. Wengi hushangaa kusikia hivyo, kwa sababu wakishaambiwa kliniki kwamba kidonda kimepona huhesabu wameruhusiwa. Kupona kwa ngozi ni kitu kimoja, na misuli ya sakafu ya nyonga kubeba kishindo ni kingine. Kila unyayo unapotua wakati wa kukimbia, mwili hupokea nguvu inayozidi mara mbili ya uzito wako, na misuli hiyo ndiyo inayoshikilia kibofu, kizazi na utumbo kwa chini. Kikomo cha wiki 12 kimetoka kwenye mwongozo wa mwaka 2019 wa wanafiziotherapia Goom, Donnelly na Brockwell, nao wanasema ni muda wa chini kabisa.

Thamani ya huduma hii, kwangu, iko kwenye uchunguzi wa ndani. Mtaalamu anakueleza atakachofanya, anaomba ruhusa, anavaa glovu na kutumia kidole kimoja kupima mambo matatu: unakaza kwa nguvu kiasi gani, unashikilia kwa sekunde ngapi, na unaachia kikamilifu au la. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika. Wapo wanawake wanaovuja mkojo ilhali misuli yao imekaza muda wote, na imechoka kwa sababu haipumziki. Ukimpa mwanamke kama huyo mazoezi zaidi ya kukaza, unamwongezea tatizo, na yeye atadhani hajajitahidi vya kutosha. Anachohitaji kwanza ni kupumua hadi chini ya tumbo na kujifunza kuachia. Karatasi ya mazoezi haiwezi kujua wewe uko kundi gani.

Maelekezo ya kukaza yalikuwa mazuri: anza nyuma kana kwamba unazuia ushuzi, leta mkazo mbele kana kwamba unazuia mkojo, kisha vuta vyote kwenda juu. Makalio yakibana, pumzi ikisimama au tumbo likisukuma nje, umekosea misuli. Kipimo kilichowekwa ni kushikilia sekunde 6 hadi 8, kuachia kwa muda uleule, mara 8 hadi 12, kisha mikazo 10 ya haraka. Mazoezi haya hayafanywi ukiwa unakojoa, maana kukatisha mkojo mara kwa mara kunaweza kufanya kibofu kisitoe mkojo wote.

Kabla ya dakika ya kwanza ya kukimbia kuna mtihani. Unatembea dakika 30, unasimama mguu mmoja sekunde 10, unachuchumaa nusu kwa mguu mmoja mara 10 kila upande, unakimbia papo hapo dakika 1, unaruka mbele mara 10, halafu unaruka kwa mguu mmoja mara 10. Vilevile unainua kisigino kwa mguu mmoja, lengo likiwa mara 20. Kinachotazamwa ni dalili: kuvuja, uzito au kuvutwa chini ukeni, maumivu ya nyonga au mgongo, tumbo kutokeza mstari wa katikati. Nilipenda kwamba kushindwa hakukuahirisha kila kitu. Kisigino kikishindwa kwenye 12, hicho ndicho kinachofanyiwa kazi siku tatu kwa wiki, huku matembezi yakiendelea kuongezwa.

Ratiba yenyewe inaanza kwa unyonge: kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Jumla ni dakika 8 tu za kukimbia. Ile kanuni maarufu ya kuongeza asilimia 10 haina maana hapa, kwani asilimia 10 ya dakika 8 haifiki hata dakika moja. Badala yake zinaongezwa dakika 2 hadi 4 kwa hatua, na mwendo haubadilishwi mpaka ufike dakika 30 mfululizo bila dalili. Milima na mbio za kasi zinakuja mwisho. Miteremko ina tahadhari yake, kwa sababu kishindo huongezeka unaposhuka.

Uamuzi wa kupanda hatua haufanywi mara tu unapomaliza kukimbia. Unaandika hali yako mara tatu: wakati wa mbio, jioni ile, na asubuhi inayofuata. Chukua mfano wa mtu aliyefika hatua ya dakika 3 kukimbia na 1 kutembea, mara 5, yaani dakika 15. Njiani yuko salama kabisa, lakini jioni anahisi kama kuna kitu kinasukuma chini, na kinatulia akilala. Hapo anarudi dakika 12 kwa vipindi viwili. Jioni zote mbili zikiwa shwari, anajaribu karibu 15 tena, ila kwa dakika 2 kukimbia na 1 kutembea, kwa sababu mara nyingi jumla si tatizo bali urefu wa kipande kimoja. Asubuhi bado kuna uzito? Hakimbii siku hiyo, hata kama ratiba inasema vingine.

Wakati wa kuvuja nao una maana. Matone yanayotoka dakika za kwanza huelekeza kwenye upungufu wa nguvu za misuli, au kibofu kilichojaa. Yanayoanza karibu na mwisho huashiria uchovu wa misuli, na hapo kinachohitajika ni kushikilia kwa muda mrefu zaidi kwa mkazo wa wastani. Vaa kaptura ya kijivu katika wiki hizi, kwani nyeusi huficha dalili unayoitafuta.

Sasa kasoro. Ratiba inahesabu dakika za mbio na kuacha mzigo mwingine wote: mtoto aliyebebwa nusu siku, ndoo, usiku usio na usingizi. Ilibidi kuuliza ndipo nikaambiwa kwamba siku yenye mzigo mzito ihesabiwe kama siku ya mazoezi. Waliojifungua kwa upasuaji walipewa maelezo ya kukanda kovu na si mengi zaidi, ilhali utando uliokatwa tumboni unaendelea kupata nguvu kwa miezi kadhaa. Kuhusu kunyonyesha palikuwa na sentensi moja, nyonyesha kabla ya kukimbia, bila neno juu ya chakula. Mama anayenyonyesha na kukimbia huku akila kidogo yuko hatarini kupata ufa wa mfupa kutokana na kishindo kinachojirudia. Maumivu ya sehemu moja ya paja, kinena au muundi yanayozidi kila unapokanyaga yanahitaji daktari, wala si kupunguza dakika.

Damu inayoendelea kutoka baada ya wiki ya 8 bila kuwa hedhi nayo ni ya kupelekwa kwa daktari. Vivyo hivyo uvimbe unaougusa kwenye mlango wa uke. Uvimbe huo si lazima umalize mbio: wapo wanaosaidiwa na pete ya silikoni inayowekwa ukeni kushikilia viungo wakati wa kukimbia, ikichaguliwa kwa saizi na mtaalamu. Kifurushi hiki hakiijumuishi, kwa hiyo ulizia mapema kama wana mtu anayeipima.