Uzoefu wangu na shokapu za kielektroniki: abiria, mizigo na vile vialama vya helmeti

Pikipiki yangu ya safari ndefu ina shokapu zinazojirekebisha zenyewe wakati wa mwendo, na baada ya kuitumia kwa muda, mara nyingi tukiwa wawili na mabegi yamejaa, nimeridhika nayo. Hata hivyo, maelezo ya wauzaji yanawafanya wanunuzi wengi waamini kwamba kompyuta hufanya kila kitu, jambo ambalo si kweli.

Kwenye skrini kuna mipangilio ya aina mbili. Ya kwanza ni ya tabia ya shokapu: laini kwa starehe, ya kawaida kwa barabara, na ngumu kwa mwendo wa kasi. Ya pili ni ya uzito, nayo huonyeshwa kwa vialama: helmeti moja, helmeti moja na begi, helmeti mbili, helmeti mbili na begi. Aina ya kwanza hugusa mafuta ndani ya shokapu. Sensa husoma jinsi gurudumu linavyopanda na kushuka, kisha vali hubana au kuachia njia ya mafuta kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Aina ya pili hutumia mota ndogo kukaza springi ya nyuma kabla ya safari, ili pikipiki iliyobeba mzigo isikae chini kupita kiasi.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mambo. Vali, hata iwe na akili kiasi gani, huzuia mwendo wa springi tu. Haiwezi kuinua sehemu ya nyuma iliyozama kwa uzito. Ndiyo maana dereva ambaye pikipiki yake inayumba akiwa na abiria, akakimbilia kuchagua hali ngumu, hupata pikipiki inayomrusha abiria kwenye kila tuta huku ikiendelea kutoka nje ya njia yake kwenye kona.

Niliamua kupima kwa futi ya kamba, kwa sababu vialama vile hukadiria uzito wa mtu wa wastani wala havijui begi lako lina nini. Kwanza nilipima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama niliyoibandika kwenye mkia, gurudumu likiwa hewani kwenye stendi ya katikati, nikapata milimita 600. Nilipokaa peke yangu katika helmeti moja, mtu mwingine akinishikia pikipiki iliyo wima na kunisomea kipimo, kilishuka hadi 558, yaani imezama milimita 42. Kwa gurudumu lenye nafasi ya kusafiri ya milimita 140 hivi, hiyo ni karibu asilimia 30, kiwango ambacho mafundi wengi hukilenga. Alipopanda abiria na mabegi yakafungwa bila kubadilisha chochote, kipimo kilikuwa 529: zaidi ya nusu ya nafasi yote ilikuwa imeliwa kabla hatujaondoka. Katika helmeti mbili na begi kilirudi hadi 553, na pikipiki ikakaa karibu na mkao wake wa kawaida.

Barabarani tofauti ilionekana wazi. Taa ya mbele iliacha kumulika juu machoni pa wanaokuja, usukani ukawa mwepesi kuingia kwenye kona, na abiria akaacha kulalamika kwamba tunagonga chini. Baada ya hapo niliweza kuchagua hali ya kawaida au ya starehe kwa kupenda tu.

Kwangu mota hufanya kazi pikipiki ikiwa imesimama na injini inawaka. Hubadilisha kwa urahisi zaidi abiria akiwa bado hajapanda, kwani vinginevyo inasukuma dhidi ya uzito wote. Upepo wa tairi nao hupimwa tairi zikiwa baridi, kwa kiwango ambacho kitabu kinataja kwa watu wawili.

Ukomo wake ni huu: kukaza springi hakuifanyi kuwa ngumu zaidi. Ikiwa katika mpangilio wa juu kabisa bado inazama zaidi ya theluthi ya nafasi yake, dawa ni kupunguza mzigo au kufunga springi nyingine. Vilevile boksi zito lililowekwa nyuma ya ekseli hupunguza uzito wa gurudumu la mbele, na hakuna kialama cha kurekebisha hilo. Vitu vizito mimi huviweka chini, kwenye mabegi ya pembeni, karibu na abiria.

Abiria akishuka na mizigo ikitolewa, rudisha helmeti moja kabla ya kuegesha. Mkia ulioinuliwa bila uzito huifanya pikipiki ilale zaidi kwenye stendi ya pembeni. Ukisahau kinyume chake, yaani kupakia kila kitu ukiwa bado katika helmeti moja, husimama wima mno, na msukumo mdogo tu huweza kuiangusha upande wa pili.