Vigae vya chumba kimoja: saizi ipi itakula vipande vingi?

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa mita 3.4. Eneo lake ni mita za mraba 13.6. Wengi huishia hapo, wakaongeza asilimia 10 ya vipande vya kukata na kwenda dukani. Asilimia hiyo hutosha mara nyingi, lakini haijui kuta zako ziko wapi. Mimi huhesabu mistari kwanza, ndipo nichague saizi.

Kwa chumba hiki, namba moja ni sentimita 40 kwa 40. Upande mrefu unaingia vigae 10, upande mfupi vinane na nusu. Kigae kimoja kikikatwa kati kinatoa nusu mbili, na zote zinatumika. Hivyo unahitaji 80 vizima na vitano vya kukata, jumla 85, sawasawa na hesabu ya eneo. Ongeza vitano vya kuvunjika na akiba, basi.

Namba mbili ni 60 kwa 60. Kwa eneo unapata vigae 38, na ukiongeza asilimia 10 vinakuwa 42. Sasa hesabu mistari: urefuni vinaingia sita na kipande cha kama sentimita 40, upanani vitano na kipande kama hicho. Kinachobaki baada ya kukata ni sentimita 20, na hakiwezi kuziba pengo la 40. Kwa hiyo kila kipande cha ukutani kinakula kigae kizima: 7 mara 6, vigae 42. Ile asilimia 10 imekwisha yote kwenye kukata, na fundi akivunja kimoja tu, kazi imesimama. Nunua 45, kisha panda hadi boksi zima. Boksi likiwa na vigae vinne, hayo ni maboksi 12.

Ya mwisho ni 30 kwa 30. Ukianza ukutani, ukihesabu na nafasi za grauti, upande wa pili unabaki na ukanda wa sentimita sita hivi. Ni mwembamba, unavunjika kirahisi na unachukiza macho. Fundi mzuri atasogeza mistari ili pande zote mbili zipate vipande vya sentimita 18 hivi. Sakafu inapendeza, ila sasa ni 14 mara 12, vigae 168, wakati eneo lilisema 152. Na hapo bado hujaweka akiba.

Ukitaka vigae vilazwe mshazari, saizi yoyote ile, anza na asilimia 15, kwa sababu kila ukuta unazaa pembetatu.

Kabla ya kulipa, soma namba ya toleo na ya rangi kwenye kila boksi. Zikitofautiana, rudisha. Ndiyo maana akiba hununuliwa siku ileile: kigae cha toleo jingine kinaweza kutofautiana rangi, hata kipimo kwa milimita moja, na mstari ukaanza kupinda.