Neno geni lililo peke yake: kulisahihisha au kulichambua?

Mhariri akiletewa neno «tarakirishi» bila sentensi, kulisahihisha kunatosha: akibadili r ya pili kuwa l, kosa la kawaida kwa waandishi wengi, anapata «tarakilishi», yaani kompyuta. Lakini «vishikwambi» likija hivyo hivyo, anayekimbilia kusahihisha anaweza kuligeuza «vishikizo» na kuliharibu neno halali, ilhali anayelichambua huondoa vi- ya wingi, hurudisha ki-, kisha hukuta kishikwambi, yaani tableti. Kwa hiyo mimi huchambua kwanza. Hata hivyo, njia zote mbili hukwama kwenye «karamu», kwa kuwa huenda mwandishi alikusudia kalamu, na yote mawili ni maneno sahihi. Hapo namwomba aliyelileta anipe sentensi nzima.